Mwongozo kamili: kuzalisha tarehe za vikao na namba za mistari kwa SEQUENCE

Makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaotunza daftari kwenye Excel au Google Sheets hukwama mahali palepale kila wanapojaribu kutumia SEQUENCE. Wengine wanaona namba kama 46025 badala ya tarehe. Wengine wanakuta fomula imegoma na kuandika `#SPILL!`. Kundi la tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: fomula yao imekubali vizuri, ila baada ya miezi michache mahudhurio ya kikao kimoja yanasomeka mbele ya tarehe ya kikao kingine, na hakuna aliyegundua kosa lilipoingia.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kikundi cha Tanzania kinachokutana kila Jumamosi kuanzia tarehe 3 Januari 2026. Kinahitaji orodha ya tarehe za vikao vya mwaka mzima, namba za mistari zinazojipanga zenyewe, na ratiba ya marejesho ya mkopo wa miezi sita.

## Vitu vinavyohitajika

Kwanza, programu yenye SEQUENCE. Fomula hii ipo kwenye Google Sheets, kwenye Microsoft 365, kwenye Excel 2021 na matoleo yaliyofuata, na kwenye Excel ya mtandaoni ambayo hutumika bila malipo. Haipo kwenye Excel 2019 wala 2016. Watumiaji wa LibreOffice wanaipata kuanzia toleo la 24.8. Ili kujua kama kompyuta yako inayo, andika hii kwenye seli yoyote tupu kisha bonyeza Enter:

```
=SEQUENCE(3)
```

Ukiona 1, 2 na 3 zimeshuka kwenye seli tatu zinazofuatana, endelea. Ukiona `#NAME?`, programu haiitambui fomula hiyo, na hakuna marekebisho ya tahajia yatakayosaidia. Hamia Google Sheets au Excel ya mtandaoni.

Pili, fahamu alama inayotenganisha vipande vya fomula kwenye kompyuta yako. Mifano yote hapa inatumia mkato. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Burundi na Kongo, hudai nukta mkato (`;`) mahali hapo. Aidha, Excel yenyewe ikiwa ya Kifaransa, majina ya baadhi ya fomula hubadilika: COUNT huitwa NB, FILTER huitwa FILTRE, na EDATE huitwa MOIS.DECALER, ingawa SEQUENCE hubaki vilevile.

Tatu, shiti mpya isiyo na kitu. Sisisitizi usafi kwa ajili ya urembo: SEQUENCE hujaza seli nyingi kwa mpigo, na seli moja yenye chochote ndani yake inatosha kuizuia.

## Hatua ya 1: Weka tarehe ya kuanzia mahali pake

Ipe shiti jina `Ratiba`. Kwenye A1 andika "Kikao cha kwanza", kwenye A2 "Idadi ya vikao", na kwenye A3 "Siku kati ya vikao". Kisha jaza upande wa kulia: B2 iwe 52, B3 iwe 7, na kwenye B1 andika fomula hii:

```
=DATE(2026,1,3)
```

Unaweza kuuliza kwa nini tusiandike tu 03/01/2026. Sababu ni kwamba kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Kimarekani, ambao husoma mwezi kwanza na siku baadaye. Kompyuta ya namna hiyo itapokea 03/01/2026 kuwa tarehe 1 Machi, na ratiba yako yote itaanza miezi miwili mbele bila onyo lolote. Ukiandika 25/01/2026 kwenye kompyuta hiyohiyo, haitaweza kuupata mwezi wa 25, kwa hiyo itaihifadhi kama maandishi ya kawaida, na fomula itakayoitegemea itatoa `#VALUE!`. DATE haina utata huo, kwa sababu daima hupokea mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Sasa hakikisha. Kwenye C1 andika:

```
=WEEKDAY(B1)
```

Fomula hii huhesabu Jumapili kuwa 1 hadi Jumamosi kuwa 7. Ukipata 7, tarehe yako ni Jumamosi kweli. Ukipata 1, huenda umeingiza tarehe 1 Machi 2026, ambayo ni Jumapili. Ni ukaguzi wa sekunde chache, nao unakamata kosa ambalo vinginevyo lingeonekana siku ya kikao.

Tunaziweka namba hizi tatu kwenye seli zake, badala ya kuzichomeka ndani ya fomula, ili kikundi kikiamua kukutana kila baada ya wiki mbili ubadilishe B3 kuwa 14 na B2 kuwa 26, na usiiguse fomula kabisa.

## Hatua ya 2: Zalisha tarehe zote kwa fomula moja

Kwenye mstari wa 5 andika vichwa: A5 "Na.", B5 "Tarehe", C5 "Waliohudhuria", D5 "Maoni". Kisha kwenye B6 andika:

```
=SEQUENCE(B2,1,B1,B3)
```

Soma vipande vinne vilivyo ndani ya mabano kwa mpangilio wake: mistari mingapi, safu ngapi, kuanzia wapi, na kuruka kiasi gani. Hapa tunaomba mistari 52, safu 1, kuanzia tarehe iliyo kwenye B1, na kuongeza siku 7 kila mara.

Kipande cha pili ndicho kinachosahauliwa. Anayeandika `=SEQUENCE(52,B1,7)` anadhani ametaja idadi, mwanzo na hatua, kumbe programu imeelewa kwamba anataka safu 46025, kwa maana tarehe 3 Januari 2026 huhifadhiwa ndani ya kompyuta kama namba hiyo. Excel nzima ina safu 16384 tu, hivyo fomula haiwezi kufanikiwa. Andika ile 1 kila mara, hata kama unajua kwamba Excel hukubali nafasi hiyo iachwe wazi.

### Kuondoa namba za ajabu

Baada ya kubonyeza Enter, yawezekana ukaona 46025, 46032, 46039 na kuendelea. Hakuna kilichoharibika. Tarehe kwa kompyuta ni hesabu ya siku, na SEQUENCE imefanya kazi yake ya kuhesabu. Muonekano wa tarehe ni juu yako kuuweka.

Chagua seli za B6 hadi B105, si zile zilizojaa pekee. Kwenye Excel bonyeza Ctrl+1, chagua `Custom`, na uandike:

```
ddd dd/mm/yyyy
```

Kwenye Google Sheets fungua `Format`, kisha `Number`, kisha `Custom date and time`, upange siku ya wiki, tarehe, mwezi na mwaka. Tunazidisha hadi mstari wa 105 kwa sababu muonekano huwekwa kwenye seli na haufuatani na fomula. Orodha ikirefuka siku nyingine, mistari ya ziada ingerudi kuonyesha namba.

Siku ya wiki nimeiweka makusudi. Jicho hukamata haraka neno lililo tofauti kwenye safu ya "Sat, Sat, Sat" kuliko kosa lililojificha kwenye 14/03/2026.

### Fomula ikigoma

Excel ikiandika `#SPILL!`, maana yake kuna kitu kwenye njia ya matokeo. Bonyeza seli yenye kosa, kisha alama ya onyo inayojitokeza pembeni yake, na uchague `Select Obstructing Cells`; Excel itakupeleka kwenye seli yenyewe. Mara nyingi ni seli inayoonekana tupu kumbe ina nafasi iliyopigwa kwa kibodi. Ifute kwa kitufe cha Delete na orodha itashuka mara moja.

Google Sheets kwa hali hiyohiyo huandika `#REF!`, na ukiweka kishale juu ya seli hiyo utasoma ujumbe unaotaja seli iliyozuia, kwa mfano B14.

Kuna visababishi viwili vya Excel ambavyo kufuta seli hakuviponyi. Kimoja ni seli zilizounganishwa kwa `Merge`, zitenganishe. Kingine ni eneo lililogeuzwa kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, lile lenye mistari ya rangi zinazopishana na mishale ya kuchuja kwenye vichwa. Fomula inayoshuka haikubaliki ndani ya jedwali hilo. Nenda `Table Design`, uchague `Convert to Range`, kisha uandike fomula upya.

Ukifanikiwa, B6 itaonyesha Jumamosi tarehe 3 Januari 2026, B57 itaonyesha Jumamosi tarehe 26 Desemba 2026, na B58 itakuwa tupu. Bonyeza B20: utaona fomula kwenye upau wa juu ikiwa imefifia, au hutaiona kabisa, kwa sababu iliyo na fomula ni B6 peke yake. Hizo nyingine zote zinaitegemea.

## Hatua ya 3: Ondoa Jumamosi zilizoangukia sikukuu

Kwa mwaka 2026, sikukuu mbili za tarehe maalumu zinaangukia Jumamosi: Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na siku inayofuata Krismasi, tarehe 26 Desemba. Tuseme katiba ya kikundi chetu inasema hakuna kikao siku ya sikukuu. Kuzifuta kwa mkono haiwezekani, kwani seli moja ya katikati haifutiki. Utabonyeza Delete na hakuna kitakachotokea. Inabidi fomula yenyewe iziruke.

Kwenye G1 andika "Sikukuu". Kwenye G2 na G3 weka tarehe hizo mbili kwa DATE kama tulivyofanya kwenye B1. Acha G4 hadi G9 zikiwa tupu. Idi hufuata kuandama kwa mwezi, hivyo utahitaji nafasi ya kuongeza tarehe yake itakapojulikana, na seli tupu hazitavuruga hesabu.

Sasa badilisha fomula ya B6 iwe hivi:

```
=LET(tarehe,SEQUENCE(B2,1,B1,B3),
FILTER(tarehe,COUNTIF(G2:G9,tarehe)=0))
```

Fomula hii inaonekana nzito kwa mara ya kwanza, ila inasema jambo jepesi. LET inazipa zile Jumamosi 52 jina moja, `tarehe`, ili tusiandike SEQUENCE mara mbili. COUNTIF inauliza kwa kila Jumamosi: imeonekana mara ngapi kwenye orodha ya sikukuu? FILTER inabakiza zile zilizopata sifuri.

Angalia matokeo. Tarehe zimepungua kutoka 52 hadi 50, ya mwisho iko B55 nayo ni tarehe 19 Desemba 2026, na baada ya tarehe 1 Agosti inafuata moja kwa moja tarehe 15 Agosti. Ikiwa bado unaona tarehe 8 Agosti, tatizo liko kwenye G2: pengine umeiandika kwa mkono na kompyuta imeisoma kama maandishi, au kama mwezi mwingine. Ipime kwa WEEKDAY. Inapaswa kutoa 7.

Anayetaka vikao 52 kamili baada ya kuruka sikukuu aongeze B2 hadi 54, akijua kwamba vikao vya mwisho vitaingia Januari 2027.

## Hatua ya 4: Weka namba za mistari zinazojihesabu

Kwenye A6 andika:

```
=SEQUENCE(COUNT(B6:B105))
```

COUNT inahesabu seli zenye namba kwenye safu ya tarehe, na kwa kuwa tarehe ni namba, jibu ni 50. SEQUENCE inapokea 50 hiyo na kuandika 1 hadi 50. Ukiongeza sikukuu kwenye G4, tarehe zinabaki 49 na namba zinaishia 49 papo hapo. Huhitaji kuburuta kitu.

Orodha ya wanachama kwenye shiti nyingine inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, isipokuwa majina ni maandishi, kwa hiyo COUNT itatoa sifuri na namba hazitatokea. Tumia COUNTA, ambayo huhesabu seli yoyote isiyo tupu:

```
=SEQUENCE(COUNTA(B6:B205))
```

Zingatia kwamba fomula hii inahesabu majina bila kuangalia yamekaa wapi. Ukiacha mstari mmoja mtupu katikati, namba zitaendelea kupita kwenye pengo hilo, na jina la mwisho litakosa namba. Kwa hiyo jina la mwisho lisilo na namba ni dalili ya pengo huko juu. Na kama hujaingiza jina hata moja, Excel itaonyesha `#CALC!`, kwa sababu umeomba mistari sifuri. Ingiza jina la kwanza na kosa litaondoka.

Namba hizi ni za mistari, si za watu. Ukipanga majina upya kwa alfabeti, aliyekuwa namba 14 anaweza kuwa namba 3, na kitabu chake cha hisa chenye namba 14 kitasomeka kuwa cha mtu mwingine. Namba ya uanachama inapaswa kuandikwa na kubaki. SEQUENCE inaweza kukusaidia kuizalisha mara moja tu. Kwa wanachama 30, kwenye Excel:

```
="KIK-"&TEXT(SEQUENCE(30),"000")
```

Kwenye Google Sheets fomula hiyo huhitaji kufunikwa na ARRAYFORMULA, la sivyo utapata KIK-001 peke yake:

```
=ARRAYFORMULA("KIK-"&TEXT(SEQUENCE(30),"000"))
```

Zikishatokea KIK-001 hadi KIK-030, zigandishe kwa njia iliyoelezwa katika hatua inayofuata, kabla hujazigawa kwa wanachama.

## Hatua ya 5: Gandisha tarehe kabla ya kuandika mahudhurio

Naomba hatua hii isirukwe kwa hali yoyote. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kosa lake halitoi alama nyekundu wala ujumbe.

Tuseme umeacha fomula ikiwa hai kwenye B6, na kila Jumamosi unaandika idadi ya waliohudhuria kwenye safu ya C. Kikao cha tarehe 21 Machi kilikuwa mstari wa 17, nacho hakikufanyika kwa sababu ya Idi, hivyo uliacha C17 tupu. Kikao cha tarehe 28 Machi kilikuwa mstari wa 18, ukaandika kwenye C18 kwamba walihudhuria watu 24. Mwezi Aprili unakumbuka kuiongeza tarehe 21 Machi kwenye orodha ya sikukuu, G4, ili daftari liwe sahihi.

Fomula inatii. Inaiondoa tarehe 21 Machi, na kila tarehe iliyokuwa chini yake inapanda mstari mmoja. Sasa B17 inasema tarehe 28 Machi na B18 inasema tarehe 4 Aprili. Lakini ile 24 uliyoiandika kwa mkono bado iko C18, kwa sababu haijui lolote kuhusu fomula ya jirani yake. Daftari sasa linatamka kwamba watu 24 walihudhuria tarehe 4 Aprili na kwamba tarehe 28 Machi hakuna aliyekuja. Kama kikundi kinatoza faini ya utoro, mweka hazina atawatoza watu waliokuwepo.

Kubadilisha B1 au B3 kuna madhara hayohayo. Kinga yake ni kuifanya ratiba kuwa maandishi yaliyotulia mara tu inapokamilika:

1. Ongeza sikukuu zote unazozijua na uhakikishe orodha ni sahihi tangu B6 hadi B55.
2. Nakili fomula ya B6 kama maandishi na uihifadhi mahali pengine, kwa mfano kwenye shiti ya `Maelezo`, ukitanguliza alama ya `'` mbele yake ili isifanye kazi. Utaihitaji mwakani.
3. Chagua A6 hadi B55, ubonyeze Ctrl+C.
4. Bila kuhamisha uteuzi, bandika thamani tupu. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift+V. Kwenye Excel nenda `Home`, kisha mshale ulio chini ya `Paste`, kisha `Values`.
5. Bonyeza B6 na uangalie upau wa fomula. Ukiona tarehe na siyo neno LET au SEQUENCE, imeganda.

Fanya jaribio la mwisho: badilisha B1 kwa muda iwe tarehe nyingine. Orodha isipotikisika, umefanikiwa. Rudisha B1 ilivyokuwa.

Tangu hapo, kikao kikiahirishwa, usiiguse tarehe yake wala kuufuta mstari. Andika "Hakuna kikao, Idi" kwenye safu ya Maoni. Atakayekagua daftari baadaye atataka kuona kwamba kikao kilipangwa na kwa nini hakikufanyika.

Kuna mahali ambapo fomula inaweza kuachwa hai bila hatari, napo ni pale ambapo hakuna kitu kinachoandikwa kwa mkono kando yake: ratiba ya kubandika ukutani, au orodha unayoituma kwa wanachama kwenye simu. Palipo na kalamu ya katibu pembeni, tarehe zigandishwe.

## Hatua ya 6: Ratiba ya marejesho ya kila mwezi

Wiki ni rahisi kwa sababu daima ina siku saba. Mwezi hauna urefu mmoja, na hapo ndipo wengi hutumia hatua ya 30 wakidhani inakaribiana vya kutosha. Anza tarehe 5 Januari 2026 kwa hatua ya 30 utapata tarehe 4 Februari, 6 Machi, 5 Aprili, na kuendelea kuteleza hadi tarehe 1 Desemba. Mkopaji aliyeahidi kulipa kila tarehe 5 atakuwa amechelewa kwa daftari na hajachelewa kwa makubaliano.

Njia sahihi ni kuiacha SEQUENCE ihesabu miezi, na EDATE igeuze miezi hiyo kuwa tarehe. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 600,000 tarehe 31 Januari 2026, atalipa kwa miezi sita. Kwenye shiti ya `Marejesho`, B1 iwe `=DATE(2026,1,31)`, B2 iwe 6, na B3 iwe 600000. Kwenye B6, kwa Excel:

```
=EDATE(B1,SEQUENCE(B2))
```

Kwa Google Sheets:

```
=ARRAYFORMULA(EDATE(B1,SEQUENCE(B2)))
```

Weka muonekano wa tarehe kama tulivyofanya kwenye hatua ya 2. Utapata tarehe 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai. Mwezi usio na tarehe 31, EDATE huchukua siku yake ya mwisho.

Wengi walifundishwa kuandika `=EDATE(B6,1)` kwenye seli ya pili na kuiburuta chini. Ukifanya hivyo kwa mkopo huu, Februari itatoa tarehe 28, kisha Machi itahesabiwa kutoka tarehe 28 hiyo na kuwa tarehe 28, na Aprili vilevile, hadi Julai. Tarehe ikishashuka Februari hairudi tena. Fomula yetu haina kasoro hiyo kwa kuwa kila mwezi unahesabiwa kutoka tarehe ya mkopo yenyewe, na wala hautegemei mwezi uliotangulia.

Salio la mkopo baada ya kila rejesho linaweza kutolewa na SEQUENCE pia, safari hii kwa hatua ya kushuka. Kwenye C6:

```
=SEQUENCE(B2,1,B3-B3/B2,-B3/B2)
```

Mwanzo ni mkopo ukiondoa rejesho la kwanza, yaani 500,000, na hatua ni 100,000 yenye alama ya kutoa. Seli zitasoma 500,000, 400,000, 300,000, 200,000, 100,000 na 0. Usipopata seli sita hizo, angalia kama B2 na B3 zimebadilishana nafasi. Hesabu hii ni ya mtaji wenye marejesho sawa tu. Riba na faini zipewe safu zake, na anayelipa pungufu au zaidi ya kiwango atahitaji salio linalotokana na malipo halisi badala ya mpango.

Mkopo ukishasainiwa, ratiba hii nayo igandishwe kama ile ya vikao, kwa sababu kando yake utaandika tarehe na kiasi kilicholipwa kweli.

## Kuandaa daftari la 2027

Nakili shiti ya `Ratiba`, ufute mahudhurio pamoja na tarehe na namba zilizoganda, kisha urudishe fomula kutoka shiti ya `Maelezo` bila ile alama ya `'`, na ile ya namba kwenye A6. B1 iwe `=DATE(2027,1,2)`, ambayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwaka huo. B2 ibaki 52. Sikukuu za tarehe maalumu zinazoangukia Jumamosi mwaka 2027 ni Mei Mosi na Krismasi yenyewe, kwa hiyo G2 na G3 zipokee tarehe 1 Mei na tarehe 25 Desemba, na tarehe za Idi za mwaka uliopita zifutwe kwenye orodha. Utapata tena tarehe 50, ya mwisho ikiwa Jumamosi tarehe 18 Desemba 2027.